Kikomo cha kati kwenye karatasi moja: nini kibaki, nini kitoke

*Shikamoo mwalimu. Niko Ujiji. Mdogo wangu yuko mwaka wa kwanza chuoni na baada ya wiki tatu ana mtihani wa takwimu. Kwenye daftari lake nadharia ya kikomo cha kati imekula kurasa tisa, lakini ukimuuliza inasema nini anajibu tu kwamba "data zikifika 30 zinakuwa za kawaida". Nataka nimwandalie karatasi moja ya kurudia. Niweke nini, niache nini?*

Marahaba. Anzia hapo hapo kwenye jibu lake, maana lina kosa moja kubwa na moja dogo, na karatasi yote unaweza kuijenga kwa kuyang'oa hayo mawili.

Kosa kubwa ni kudhani kwamba data zenyewe hubadilika umbo. Hazibadiliki. Ukirekodi mavuno ya dagaa ya mtumbwi mmoja pale Kibirizi kwa usiku 30, au 300, au 3,000, bado usiku nyingi zitakuwa za ndoo chache na usiku chache zitakuwa za ndoo nyingi mno. Ukichora data hizo, picha itabaki na mkia mrefu upande wa kulia, na kadiri unavyoongeza data ndivyo mkia huo utakavyoonekana wazi zaidi. Kinachoelekea umbo la kengele ni kitu kingine kabisa, nacho ni wastani wa sampuli. Kosa dogo ni hiyo 30 yenyewe. Nitaifikia.

Basi juu kabisa ya karatasi iandikwe sentensi moja, kamili, asiyoruhusiwa kuifupisha:

"Ukichukua sampuli ya nasibu yenye vipimo n kutoka kundi lolote lenye wastani μ na mkengeuko sanifu σ, basi n ikiwa kubwa ya kutosha, wastani wa sampuli hufuata, kwa kukaribia, mgawanyo wa kawaida wenye wastani μ na mkengeuko sanifu σ/√n."

Chini yake mistari miwili ya fomula:

```
X̄ ≈ N(μ, σ²/n)
Z = (X̄ − μ) / (σ/√n)
```

Ile X yenye mstari juu, eksi baa, ndiyo mhusika mkuu wa nadharia hii. Mwambie aizungushie duara kwa kalamu nyekundu. Halafu aangalie kwamba ndani ya mabano namba ya pili ni mraba, σ²/n, ila kwenye Z tunagawanya kwa mzizi wake, σ/√n. Swali likisema kundi ni N(12, 81), basi σ ni 9. Anayetumia 81 kama mkengeuko anapata Z ndogo mno na hana namna ya kujua amekosea wapi, kwa sababu jedwali litampa jibu bila kulalamika.

Neno "kati" kwenye jina la nadharia huwapotosha wengi, wakadhani linahusu katikati ya kengele. Aliyeipa jina hilo ni George Pólya mwaka 1920, na alimaanisha kwamba nadharia hii ndiyo kiini cha elimu ya uwezekano. Hili halihitaji nafasi kwenye karatasi, mweleze kwa mdomo tu.

Sasa robo ya pili ya karatasi. Hapa wengi hujaza maelezo, mimi ningeweka mfano mmoja mdogo unaohesabika wote kwa mkono, kwa sababu mwanafunzi akishaona kengele ikijijenga mbele ya macho yake hasahau. Tuchukue mtumbwi wa mazoezi: usiku wa kawaida unaleta ndoo 1, usiku wa bahati unaleta ndoo 5, na usiku wa bahati ni mmoja katika kila nne. Hakuna matokeo mengine. Wastani wa kundi hili ni (1 + 1 + 1 + 5)/4, yaani 2. Mraba wa mkengeuko ni wastani wa tofauti zilizokuzwa kwa mraba: mara tatu tunapata 1, mara moja tunapata 9, jumla 12, gawanya kwa 4 upate 3. Hivyo σ² = 3.

Kundi hili halina dalili yoyote ya kengele. Lina nguzo mbili, moja ndefu kwenye 1 na moja fupi kwenye 5, na katikati hamna kitu. Sasa chukua wastani wa usiku mbili zilizochaguliwa kwa nasibu, kisha wa usiku nne, na uandike uwezekano wa kila wastani. Nimeziweka zote juu ya 256 ili zilinganishike:

```
wastani     1     2     3     4     5
n = 1     192     0     0     0    64
n = 2     144     0    96     0    16
n = 4      81   108    54    12     1
```

Asome mstari wa n = 4 kwa makini na ajiulize ile 108 imetoka wapi. Ili wastani wa usiku nne uwe 2, jumla ya ndoo lazima iwe 8, na njia pekee ya kufika 8 ni usiku mmoja wa bahati na tatu za kawaida. Huo usiku wa bahati unaweza kuwa wa kwanza, wa pili, wa tatu au wa nne. Njia nne, kila moja ikiwa na uwezekano wa 27/256, jumla 108/256. Kupata wastani wa 5 kunadai usiku zote nne ziwe za bahati, na hiyo ni njia moja tu yenye uwezekano wa 1/256. Siri yote ya kengele iko hapo: kufika karibu na katikati kuna njia nyingi, kufika ukingoni kuna njia chache. Ile nguzo ya pembeni kwenye 1 imeshuka kutoka 192 hadi 81, na kilele kimehamia kwenye 2, ambako mwanzoni palikuwa na sifuri.

Jedwali hilo dogo linampa mambo mawili ya kukagua. La kwanza, wastani wa kila mstari ni 2, haukusogea. La pili, mraba wa mkengeuko umepungua kutoka 3 hadi 1.5 hadi 0.75, yaani 3/1, 3/2, 3/4. Hiyo ndiyo σ²/n, ameiona ikitokea bila kukariri. Akipata dakika kumi ahesabu mwenyewe hiyo 0.75: 81 mara 1, 108 mara 0, 54 mara 1, 12 mara 4, 1 mara 9, jumla 192, gawanya kwa 256.

Lakini pia aone kwamba mstari wa n = 4 bado haujanyooka. Upande wa kushoto wa kilele pana 81, wa kulia pana 54, na mkia unaburuzika hadi 5. Kwa kundi lenye mkia kama hili, nne hazitoshi, na hapa ndipo tunaingia kwenye ile 30.

Namba 30 ni kigezo cha mazoea. Hakuna mahali kwenye uthibitisho wa nadharia panapotokea 30. Jambo la kweli ni kwamba mwegemeo wa wastani wa sampuli, yaani kiasi mkia unavyovuta upande mmoja, hupungua kwa kugawanywa na √n. Ukitaka kuupunguza nusu, sampuli iwe mara nne. Kwa hiyo n inayotosha hutegemea ulianza na kundi la namna gani. Dadu ina pande sita zenye uwezekano sawa, haiegemei popote, na hata wastani wa dadu tano au sita unachora kengele inayoridhisha. Kundi la mavuno ya dagaa lenye mkia wa wastani, 30 au 40 huwa zinatosha kwa kazi ya mtihani. Ila chukua tukio linalotokea mara 1 katika 100, ulipe alama 1 likitokea na 0 lisipotokea. Kwa sampuli ya 30, uwezekano wa kutoliona kabisa ni 0.99 kipeo cha 30, takribani 0.74. Yaani sampuli karibu tatu katika kila nne zitakuwa na wastani wa sifuri kamili. Kengele gani ina robo tatu ya uzito wake kwenye nukta moja ya ukingoni?

Kwenye karatasi hilo lichukue mistari mitatu tu. Kundi lenyewe likiwa la kawaida, n yoyote inafaa, hata 2, na jibu ni kamili, halikaribii tu. Kundi lisilojulikana umbo, tumia nadharia n ikiwa 30 au zaidi, na uandike sababu hiyo kwenye karatasi ya majibu, maana mara nyingi ina alama yake. Swali la ndiyo au hapana, usiangalie 30, angalia np na n(1 − p), ambapo p ni uwezekano wa ndiyo. Wahadhiri wengine hudai zote mbili zifike 5, wengine 10. Afuate daftari la mhadhiri wake.

Nusu ya karatasi iliyobaki iwe ya swali moja lililofanywa hadi mwisho. Moja, si matano. Hili hapa, kwa namba za mazoezi:

Mavuno ya mtumbwi kwa usiku yana wastani wa ndoo 12 na mkengeuko sanifu wa ndoo 9. Zimechaguliwa usiku 36 kwa nasibu. Tafuta uwezekano kwamba wastani wa usiku hizo unazidi ndoo 14.

Kabla hajashika kikokotoo, aulize swali la kwanza: hapa nazungumzia kipimo kimoja, au wastani wa vingi? Maneno "wastani wa usiku hizo" ndiyo yanayofungua mlango wa nadharia. Aulize na la pili: je, kundi lenyewe ni la kawaida? Hakuna aliyetuambia. Tena tunaweza kukisia kwamba si la kawaida, kwa sababu mikengeuko miwili chini ya wastani ni 12 − 18, yaani ndoo hasi 6, na hakuna mvuvi anayerudi na ndoo hasi. Mkengeuko ukiwa mkubwa kiasi hicho kwa kitu kisichoweza kushuka chini ya sifuri, tambua kuna mkia kulia. Ila n ni 36, kwa hiyo tunaendelea.

```
σ/√n = 9/√36 = 1.5
Z = (14 − 12)/1.5 = 1.33
P(X̄ > 14) = 1 − 0.9082 = 0.0918
```

Pembeni ya hesabu hiyo, kwa kalamu ya rangi nyingine, aandike kosa lenyewe jinsi linavyofanyika: (14 − 12)/9 = 0.22, jibu 0.4129. Majibu yote mawili yanaonekana ya heshima, yote yako kati ya 0 na 1. Atajuaje lipi ni bovu? Kwa kujiuliza lina maana gani. Usiku mmoja kuzidi ndoo 14 ni jambo la kila mara. Usiku 36 kwa wastani wake kuzidi ndoo 14 ni jambo gumu zaidi, kwa sababu usiku mbaya zinavuta chini. Kwa swali la kuzidi kiwango kilicho juu ya wastani, jibu la sampuli lazima liwe dogo, na linazidi kuwa dogo n ikikua. Akipata karibu nusu, amesahau √n.

Na mtunzi mjanja huweka kipengele kingine kabla ya hicho: "Tafuta uwezekano kwamba usiku mmoja unazidi ndoo 14." Kwa taarifa tulizopewa, hakijibiki kwa jedwali la Z. Nadharia inasema habari za wastani wa vingi, haisemi lolote kuhusu usiku mmoja, na umbo la kundi hatukupewa. Jibu sahihi ni sentensi: mgawanyo wa kundi haujulikani, hivyo uwezekano huo hauwezi kupatikana. Swali likisema wazi kwamba mavuno ni ya kawaida, hapo ndipo anaruhusiwa kugawanya kwa 9.

Sura nyingine ya swali hilo hilo ni ya jumla. "Tafuta uwezekano kwamba jumla ya usiku 36 inazidi ndoo 504." Watoto wa chuo wakiona neno "jumla" huanza kutafuta fomula mpya. Hakuna jipya. Jumla ina wastani nμ = 432 na mkengeuko σ√n = 54, na (504 − 432)/54 ni 1.33 ile ile, kwa sababu 504 ni 14 mara 36. Aandike mstari mmoja: kwa wastani gawanya kwa √n, kwa jumla zidisha kwa √n. Akichanganyikiwa ndani ya chumba cha mtihani, agawanye ile jumla kwa n, arudi kwenye wastani, aendelee na njia anayoijua.

Sura ya tatu ni ile ya kugeuza: unapewa uwezekano, unatafuta n. Usiku ngapi zinahitajika ili wastani wa sampuli uwe ndani ya ndoo 2 kutoka wastani wa kweli kwa uwezekano wa angalau 0.95? Hapa Z ni 1.96, kwa sababu 0.05 inagawanywa mikia miwili.

```
1.96 × 9/√n ≤ 2
√n ≥ 8.82
n ≥ 77.79, yaani n = 78
```

Hapa hakuna kukadiria kwa mazoea, n hupanda juu daima. Hata ingekuwa 77.1, jibu ni 78, kwa kuwa 77 hazifikii sharti.

Jedwali la Z lenyewe linahitaji mstari wake, na hapa alama nyingi hupotea bila sababu ya kitaaluma. Majedwali hayafanani. Lipo linalotoa eneo lote la kushoto, lipo linaloanzia katikati hadi Z, na lipo linalotoa mkia wa kulia. Njia ya haraka ya kulitambua ni kutazama Z = 1.00. Ukikuta 0.8413 ni la kushoto, na mkia unaupata kwa kutoa kutoka 1. Ukikuta 0.3413 limeanzia katikati, na mkia unaupata kwa kutoa kutoka 0.5. Ukikuta 0.1587 ndio mkia wenyewe, usitoe chochote. Kwa swali letu, majedwali hayo matatu yangeonyesha 0.9082, 0.4082 na 0.0918 mbele ya Z = 1.33. Muulize mdogo wako ni lipi wanalopewa chuoni kwao, afanyie mazoezi hilo tu.

Zimebaki sehemu za kuteleza, na mimi ningechagua tatu tu za kuingia kwenye karatasi.

Ya kwanza ni maana ya n. Tumechukua sampuli 200, kila moja ikiwa na usiku 36: n ni 36. Zile 200 ni idadi ya mara tulizorudia zoezi, na kazi yake ni kutuonyesha picha ya mgawanyo wa X̄ kwa uwazi zaidi. Ukiongeza sampuli kutoka 200 hadi 2,000, picha inakuwa laini, lakini upana wake unabaki 1.5. Ukiongeza usiku ndani ya kila sampuli kutoka 36 hadi 144, upana unashuka hadi 0.75. Mtunzi akitaja namba zote mbili kwenye swali moja, anapima hilo.

Ya pili ni kujitegemea kwa vipimo. Hapa Kigoma mfano uko ziwani. Dagaa huvuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti, mavuno yanashuka, wengi hata hawaingii majini. Ukichukua usiku 36 zinazofuatana, usiku mbaya unafuatwa na mbaya mwenzake na mzuri unafuatwa na mzuri. Hizo si habari 36 tofauti, ni habari chache zilizorudiwa, na σ/√n itakuambia wastani wako ni sahihi kuliko ulivyo. Ndiyo maana neno "nasibu" kwenye swali si pambo. Swali likiuliza "taja masharti yaliyotumika", ajibu: vipimo ni vya nasibu na vinajitegemea, vinatoka kundi moja, σ ipo na ina kikomo, n ni kubwa ya kutosha.

Jambo la karibu na hilo ni kuchagua bila kurudisha kutoka kundi dogo. Kama usiku 36 zimetolewa kwenye orodha ya usiku 100 tu, kila unaochaguliwa unapunguza zilizobaki, na mkengeuko wa X̄ unazidishwa kwa √((N − n)/(N − 1)), ambapo N ni idadi ya kundi lote. Hapa ni √(64/99), takribani 0.804, na 1.5 inakuwa 1.21. Kwa kawaida marekebisho haya hufanywa sampuli inapozidi asilimia 5 ya kundi. Kama kwenye mtaala wake hayamo, ayaache.

Ya tatu ni marekebisho ya nusu kwa vitu vinavyohesabiwa. Mbegu 100 zimepandwa, kila moja ina uwezekano wa 0.8 wa kuota. Uwezekano wa kuota angalau 85? Wastani ni 80, mkengeuko ni √(100 × 0.8 × 0.2) = 4. Akianzia 85 anapata Z = 1.25 na jibu 0.1056. Akianzia 84.5 anapata Z = 1.125 na jibu karibu 0.13. Hesabu kamili bila kukaribia inatoa 0.1285. Sababu ya nusu hiyo ni kwamba nguzo ya 85 kwenye mchoro inaanzia 84.5 na kuishia 85.5. Ukianza kupima kutoka 85 umeikata nguzo katikati na kutupa nusu yake. "Angalau 85" inaanzia 84.5, "zaidi ya 85" inaanzia 85.5. Hizo mbili aziandike jinsi zilivyo.

Vya kuacha ni vingi kuliko unavyodhani. Uthibitisho hauna nafasi hapa. Kama mhadhiri wake huutoa kwenye mtihani, huo una karatasi yake. Historia iachwe. Michoro ya kompyuta aliyobandika daftarini iachwe, jedwali la 256 linafanya kazi hiyo. Mambo ya σ isiyojulikana yapewe mstari mmoja: n kubwa, weka s, mkengeuko sanifu wa sampuli, badala ya σ na uendelee na Z, n ndogo na kundi la kawaida, tumia jedwali la t lenye n − 1. Mengine yote ya t ni ya mada inayofuata.

Nyuma ya karatasi muwekee swali moja bila majibu, lenye sura nyingine ili asikariri dagaa. Kwa mfano: ndoo za asali zinazopokelewa kutoka kwa wafugaji nyuki wa Tabora zina wastani wa kilo 25 na mkengeuko sanifu wa kilo 4. Tafuta uwezekano kwamba (a) ndoo moja ina chini ya kilo 24, (b) wastani wa ndoo 64 zilizochaguliwa kwa nasibu uko chini ya kilo 24, (c) jumla ya ndoo hizo 64 inazidi kilo 1,632. Wewe baki na majibu: (b) Z = −2, yaani 0.0228; (c) Z = 1, yaani 0.1587. Kwenye (a), akikuletea namba yoyote, mrudishie karatasi aisome tena ile sentensi ya juu.